Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nywele za Idi

"Mama, Idi hataki kabisa mlio wa mashine ya kinyozi, analia mpaka anatapika. Nikimkata mwenyewe hapa nyumbani kwa mkasi na chanuo, nianzie mbele au nyuma?"

Mwanangu Rehema,

Sisi hapa Pangani hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Anzia nyuma, chini ya kisogo. Lakini usiiweke barua kando kwa kuwa umekwisha kupata jibu, maana mtu anayejua pa kuanzia bila kujua kipimo chake ni kipi hukata nyuma vizuri, akakata kulia vizuri, akifika kushoto akakuta pande mbili hazilingani, akaanza kupunguza huku na huku mpaka mtoto abaki na upara. Babu yako alikuwa akisema, nami nimelishika neno lake hadi leo, kwamba nywele hukatwa kwa umbo, si kwa urefu. Nitakueleza alimaanisha nini, lakini kwanza tushughulikie matayarisho.

Nywele za Idi ni za kipilipili, kwa hiyo usimkate zikiwa na maji. Nywele za singa hukatwa zikiwa zimelowa kwa sababu hulala na kutulia chini ya kitana. Za kipilipili zikilowa huvutika unapozishika, na zikikauka hujikunja, ukashangaa kwamba ulichoacha ni kirefu kimekuwa kifupi. Mwoshe siku moja kabla, mpake mafuta kidogo, kisha uzichambue kwa chanuo ukianzia nchani na kushuka taratibu hadi kwenye shina, ili zisimuume na zisikatike. Siku ya kukata zichane tena zikiwa kavu mpaka zisimame zote. Ukiona mabaka yenye magamba au mahali nywele zimenyonyoka, hayo yanaweza kuwa mapunye. Acha mkasi, mpeleke zahanati kwanza, na chanuo lake lisiguse kichwa cha mtu mwingine.

Mkasi nao usiwe wa jikoni. Unakumbuka kwa babu kulikuwa na mikasi miwili, ule mkubwa wa cherehani uliokaa mezani na ule mwembamba wa nywele uliotundikwa msumarini, na hakuna aliyethubutu kukata hata uzi kwa ule wa msumarini. Mkasi butu haukati nywele bali huzikunja katikati ya makali na kuzivuta, na mtoto anayeogopa mashine hatakuvumilia ukimvuta mara ya pili. Unapoushika, mkono wote utulie na kidole gumba peke yake ndicho kifungue na kufunga. Upande mmoja wa makali usisogee, mwingine ufanye kazi.

Sasa ugawe kichwa mafungu matano. Kwa ncha ya kitana piga mstari kutoka nyuma ya sikio moja, uupandishe juu ya utosi, uushushe nyuma ya sikio la pili. Kwa mbele piga mistari miwili kutoka kwenye pembe za paji la uso, uirudishe nyuma mpaka ikutane na ule wa kwanza. Hapo umepata fungu la juu na panja mbili. Kwa nyuma piga mstari mmoja wa kulala, kutoka sikio hadi sikio, chini kidogo ya mahali kichwa kilipotokeza. Umepata kisogo cha juu na kisogo cha chini. Bana mafungu manne kwa vibanio, acha wazi la chini peke yake. Wengi huiona kazi hii ya mistari kuwa ni kupoteza wakati, ilhali bila mistari utakuwa ukikata zile nywele zilizojitokeza mbele ya macho yako tu, na zile zilizojificha zitakuja kutokeza kesho yake asubuhi.

Kipimo kimo katikati ya fungu hilo la chini. Chukua ukanda wa wima wenye upana wa kidole, uinue kwa chanuo uende moja kwa moja nje ya ngozi, usielekezwe juu wala chini, kisha uubane kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vikifuata mzunguko wa kichwa. Kata kinachobaki nje ya vidole. Kwa Idi ningeacha kama sentimita 3, na mara ya kwanza ningeondoa nusu tu ya ninachotaka kuondoa. Ukanda huo ndio kipimo chako. Unapochukua wa pili, uchukue pamoja na nywele chache za ule uliokwisha kukatwa, uzione ndani ya vidole vyako, ndipo zikuambie ukate wapi. Ukimaliza chini, fungua kisogo cha juu na upande nacho kwa namna hiyo hiyo, kisha panja moja, kisha ya pili, na fungu la juu liwe la mwisho.

Hapa pana hatari moja ambayo haionekani mapema. Kila ukanda ukipimwa kwa jirani yake tu, kosa dogo la kwanza hurithiwa na wa pili, wa pili naye akaongeza la kwake, na ukifika panja la kushoto umekwisha kupotea. Kwa hiyo kila unapomaliza fungu, rudi kwenye ule ukanda wa katikati ya kisogo na ulinganishe. Panja mbili zilinganishwe kwa kusimama mbele ya mtoto, ukavuta nywele chache juu ya kila sikio kwa wakati mmoja, ukaangalia zinaishia wapi. Zikitofautiana, punguza ule upande mrefu peke yake. Usiguse mfupi hata kidogo. Na unapokata shingoni, Idi atazame mbele; akiinamisha kidevu ngozi ya shingo huvutika, na mstari ulionyooka akiwa ameinama huweza kubadilika akiinua kichwa.

Ukimaliza, mweke mbele ya ukuta mweupe au shuka iliyoanikwa, rudi nyuma hatua chache, na umgeuze polepole. Usitazame nywele, tazama ukingo wa kichwa ulivyojichora kwenye ule weupe. Mahali mafungu mawili yalipokutana vibaya utaona kama ngazi, na juu ya kichwa utaona mstari wa kivuli, mweusi kuliko kandokando yake. Dawa yake si kukata tena kwa vidole. Inua pale kwa chanuo, ulilaze kidogo kufuata mteremko wa kichwa, na uondoe ncha tu zinazochungulia nje ya meno yake.

Ni hapo kwenye ukingo ndipo ninapomkumbuka mjomba wako Hamisi. Wewe umemjua akiwa mtu mzima mwenye sauti yake, lakini alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani akilia kila siku kwa sababu wenzake walimwita Kichogo, na kweli kisogo chake kilikuwa kimetokeza, na chini yake palikuwa na bonde mpaka shingoni. Mama yetu alisema anyolewe zote, watoto watazoea. Baba hakujibu. Alimkalisha Hamisi kwenye kigoda uani, akamfunga kanga shingoni, akamgawa kichwa, akamkata kila mahali sawasawa, nasi tukadhani amemaliza. Kisha akarudi nyuma hata mgongo wake ukagusa mlango, akamtazama kwa ubavu, akarudi, na akaanza kukata upya mahali pamoja tu: juu ya kile kichogo akapunguza nywele hadi zikabaki fupi, na katika lile bonde la chini yake hakugusa hata unywele. Alipomgeuza, ukingo ulishuka kutoka utosini hadi shingoni bila kuvunjika popote. Kichogo hakikuonekana. Hamisi alishikwa na furaha, akapitisha mkono nyuma ya kichwa chake tena na tena, na mimi niliyekuwa nimeshika kioo nilifurahi kuliko yeye, na nikiandika haya nafurahi tena. Ndipo baba aliposema lile neno lake: nywele hukatwa kwa umbo, si kwa urefu.

Furaha ile haikumaliza jioni. Baba mdogo alikuja kula, akamwona, akamwambia baba mbele yetu sote kwamba amemfundisha mtoto kuona haya kichwa alichopewa na Mungu. Baba aliacha kula, akanawa, akatoka nje. Waliposalimiana tena hawakulizungumza, lakini mimi neno lile lilinichoma na linanichoma bado, kwa sababu kila nikitaka kusema baba mdogo alikosea namkumbuka Hamisi, ambaye hata leo hakubali mtu yeyote amkate isipokuwa kwa namna ile, na nikitaka kusema alikuwa na haki namkumbuka Hamisi akienda shule asubuhi ile akiimba.

Utaniuliza basi kwa nini nimekuambia uache sentimita 3 kila mahali, kama urefu si kitu. Hapo ni kweli najipinga mwenyewe, na nimelifikiria jambo hili tangu barua yako ilipofika. Naona baba naye alianza kwa urefu. Alimkata Hamisi sawasawa kwanza, kwa kuwa nywele zikiwa za urefu mmoja huchora fuvu lilivyo, na huwezi kusahihisha umbo usilolijua. Umbo ni mzunguko wa pili. Wewe kwa mara hii ishia kwenye wa kwanza, zikue mwezi mzima, ambao utampa karibu sentimita moja, na wa pili uje baadaye.

Nalisema hili kwa sababu Sikukuu iliyopita, Idi alipolala mapajani mwangu, nilipitisha mkono nyuma ya kichwa chake, na nadhani wewe pia umekwisha kulijua: amekirithi kile cha mjomba wake, pamoja na bonde lake. Ukimkata sawasawa kitaonekana. Ukitaka kisionekane, katika mzunguko wa pili juu yake acha sentimita 2 na chini yake acha 4, na katikati ya hizo mbili upunguze kidogo kidogo kwa chanuo, si kwa vidole, ili pasiwe na ngazi. Ninao upande wangu katika jambo hili, nao unanisukuma kuandika, lakini mtoto ni wako na wa Musa, na Idi ana umri wa kuulizwa. Muulizeni kabla ya kuanza kisogo cha chini, si baada, maana nywele za bondeni zikishakatwa itabidi mngoje zikue tena.

Mama yako