Swichi imezimwa, matawi mengine bado yanaona skrini ambayo haijakamilika

"Wakuu, skrini mpya ya kupokea mazao haijakamilika, lakini Tukuyu na Makambako inawatokea. Mbeya mjini wanaona ya zamani. Nimeizima swichi yake kwenye dashibodi na bado. Tatizo nini?"

Mkuu, kabla hujaigusa tena dashibodi, angalia mtandao wa hayo matawi mawili asubuhi wanapofungua. Kampuni niliyokuwa nayo ilinunua mahindi kuanzia Vwawa hadi Mafinga, na yalitukuta haya haya. Skrini mpya ilitokea kwenye matawi yenye intaneti ya kusuasua tu. Kivinjari chao kilichoka kusubiri jibu la seva ya swichi, kikatumia thamani ya akiba iliyoandikwa kwenye msimbo. Thamani hiyo iliachwa `true` tangu wakati wa majaribio. Ukizima kwenye dashibodi, taarifa hiyo inawafikia wale tu ambao seva inawajibu, na hao hawakuwa na shida toka mwanzo.

Sisi tulikuwa na OpenFeature, tukaandika hivi:

```js
const d = client.getBooleanDetails('mapokezi-mapya', true);
console.log(d.value, d.reason, d.errorCode);
```

Hiyo `true` ya mwisho ndiyo akiba. Makambako ilitoka `true ERROR PROVIDER_NOT_READY`, Mbeya `false` bila kosa lolote. Ukitaka kuthibitisha ukiwa hapo hapo mjini, ielekeze anwani ya seva ya swichi kwenye `127.0.0.1` ndani ya faili la `hosts`, halafu fungua mfumo upya. Skrini mpya ikitokea, umempata mchawi. Ila ukikuta `reason` ni `SPLIT` au `TARGETING_MATCH`, basi seva inajibu vizuri. Kakague kanuni za mgao zinazoamua nani aone skrini ipi, na hakikisha swichi uliyozima ni ya mazingira ya kazi, siyo ya majaribio.

Kubadilisha akiba kuwa `false` ni kazi ya dakika moja, lakini haitoshi. Karani wa ghala anaweza kuacha ukurasa wazi wiki nzima bila kuufungua upya, kwa hiyo msimbo wa zamani unaendelea kufanya kazi kwake. Seva ya mfumo yenyewe ndiyo ikatae kupokea fomu mpya mpaka swichi iwashwe. Kwa maoni yangu hili lilipaswa kuwepo hata kabla ya skrini kuchorwa.

Halafu kuna kumbukumbu zilizokwisha kuingia, na hapa ndipo tulipotoka jasho. Skrini yetu haikuwa bado na kisanduku cha unyevu, na mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hayapokelewi kwenye daraja la ubora. Mizigo iliingia ikiwa na uzito tu, na ripoti ikaihesabu yote kuwa mikavu. Usizifute safu hizo, maana wakulima wameshalipwa kwazo. Zitafute kwa unyevu ulio `NULL`, zifungie zisiingie kwenye ripoti, kisha mpigie karani akusomee vipimo kutoka kitabu cha stakabadhi, mzigo kwa mzigo.