Nimwombeje rafiki anipendekeze kazini kwao?

*Shangazi, kampuni anayofanyia kazi rafiki yangu imetangaza nafasi ya uhasibu ninayoitamani sana. Wafanyakazi wao huruhusiwa kupendekeza watu. Tulisoma pamoja ila hatujawahi kufanya kazi pamoja, na sitaki akubali kwa kunionea haya. Nimwombe, au nitume maombi kimyakimya? — Mwenye Haya*

Mwanangu, usitume kwanza. Kampuni nyingi zenye utaratibu huo humhesabu mtu aliyekwisha kuomba mwenyewe kuwa amejileta, na pendekezo likija baadaye halihesabiwi. Kama tarehe ya mwisho haijakaribia, ongea naye kabla.

Ujue pia unachomwomba. Mara nyingi anayependekeza hujaza fomu inayouliza anakufahamu vipi, na kama amewahi kuona kazi yako. Hapo ndipo penye ugumu kwake, maana jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za mwajiri wake. Ukimwomba "useme mimi ni mhasibu mzuri", unamlazimisha achague kati yako na ukweli. Mwombe kile anachoweza kukisema bila kusitasita: kwamba mlisoma pamoja na anakufahamu kwa tabia.

Mwandikie, usimpigie. Kwenye simu jibu hutakiwa papo hapo, na wengi wetu tukibanwa hivyo husema ndiyo. Ujumbe unampa nafasi ya kufikiri. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za siku nyingi. Nimeona tangazo lenu la mhasibu na nafikiria kuomba. Je, ungeweza kunipendekeza, kwa kusema tu kwamba tulisoma pamoja na unanifahamu kwa tabia? Najua hujawahi kuona kazi yangu, kwa hiyo kama si utaratibu wako kupendekeza, au unaona nafasi hii hainifai, niambie tu, nitaomba mwenyewe na hakuna kitakachoharibika. Ukiona inafaa, nitakutumia kila kitu."

Umeona? Sababu ya kukataa umempa wewe, hana haja ya kuitunga. Usimgusie kwamba maisha ni magumu au kwamba yeye ndiye tegemeo lako, hata kama ni kweli. Maneno hayo yanaufunga mlango uliomfungulia.

Akikubali, mtumie kiungo cha tangazo, nambari ya tangazo hilo kama ipo, wasifu wako, na sentensi tatu za kunakili: umefanya uhasibu wa aina gani, kwa muda gani, na kipi kwenye tangazo unakimudu. Asiachiwe kazi ya kukutungia sifa.

Akijibu "nitaangalia" kisha akanyamaza, mkumbushe mara moja siku chache kabla ya dirisha kufungwa. Akiendelea kukaa kimya, hilo ni jibu. Omba mwenyewe, na usimuulize kwa nini.

Akishakupendekeza, usimtume kwa watu wa ajira kila wiki kuulizia umefikia wapi. Yeye kwa kawaida haamui lolote huko. Ila ukipata kazi kwingine ukataka kujitoa, mwambie yeye siku hiyohiyo, asije akasikia kwa bosi wake.