Dawa ya Julai haikuwaokoa kondoo wangu: minyoo bapa ya ini na hesabu ya majaruba

Nafuga ng'ombe na kondoo Mbarali, kwenye bonde la Usangu. Huku kwetu mpunga ukishavunwa, mifugo huachiwa majaruba. Miaka minne iliyopita niliingiza kondoo 23 katikati ya Juni, na wiki ya kwanza ya Julai nikawanywesha albendazoli nikiamini nimewakinga. Agosti haijaisha, sita walikuwa wamekufa. Wengine walirudi jioni wameshiba, asubuhi tukawakuta wamelala wamekauka.

Tulipeleka kinyesi kupimwa, jibu likawa hakuna mayai ya minyoo. Ndipo afisa mifugo akampasua wa sita. Ini lilikuwa limevimba, lina michirizi ya damu kama limechimbwa, na tumboni mna maji mekundu. Kwenye mirija ya nyongo, ambako sote tumezoea kuwaona minyoo bapa machinjioni, hamkuwa na kitu. Alilikata ini vipande vyembamba, akavikamua kwenye beseni la maji, wakaanza kutoka minyoo wadogo wadogo kama vipande vya jani.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Mnyama humeza mbegu ya mnyoo huyu ikiwa imeganda kwenye jani au bua lililokuwa majini. Mtoto wake hutoboa utumbo, huingia kwenye nyama ya ini na kutembea humo akila, wiki baada ya wiki. Huku kwetu kwenye joto, huchukua miezi mitatu hadi minne kufika kwenye nyongo na kutaga. Kabla ya hapo kinyesi hakiwezi kuonyesha yai hata moja. Albendazoli humuua aliyekwisha komaa tu, hali kadhalika oksiklozanidi. Kwa hiyo dawa yangu ya Julai iliwakuta minyoo wa wiki mbili au tatu na kuwapita.

Mbegu hizo hutoka kwa konokono. Anayekuhusu ana ganda jembamba la kahawia, halina kifuniko, na mdomo wake ni mpana. Msimamishe ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama: mdomo ukiwa upande wako wa kulia, ndiye. Ukiwa kushoto, huenda ni yule wa kichocho. Hukaa kwenye maji yanayotembea polepole: mifereji yenye majani, kingo za malambo, majaruba yasiyokauka. Kinyesi chenye mayai kikiangukia hapo, mayai huanguliwa kwa wiki mbili au tatu, kisha mtoto hukaa ndani ya konokono kama miezi miwili kabla ya kutoka na kuganda kwenye majani. Wafugaji wengi wanadhani hatari ni masika. Sisi hatari yetu kubwa ni kiangazi, maji yanapopungua na mifugo yote kusogea kwenye kingo zilezile zilizobaki na ubichi.

Sasa sihesabu kwa msimu wa duka la dawa, nahesabu kuanzia siku mifugo inaposhuka majarubani. Kondoo hawana uvumilivu wa ng'ombe, kwa hiyo siku hizi nawaacha juu kwenye nchi kavu. Mwaka ambao lazima washuke, nawanywesha triklabendazoli wiki ya sita, maana hiyo huua hata walio wachanga, na narudia baada ya wiki sita nyingine kama bado wako bondeni. Ng'ombe nawapa triklabendazoli mwishoni mwa Septemba. Mvua zikianza Desemba wanapanda juu, na Januari minyoo waliomezwa Oktoba wanakaribia kukomaa au wamekomaa. Hapo albendazoli inafaa kwa waliokwisha komaa, na mayai hayajaanza kumwagika kwa wingi kwenye maji mapya. Mwenye mimba changa simpi albendazoli. Anayekamuliwa simpi triklabendazoli, namsubiri akauke.

Kipimo ni uzito. Triklabendazoli ni miligramu 10 kwa kila kilo ya kondoo na 12 kwa ng'ombe. Kondoo wa kilo 30 anahitaji miligramu 300, na kama chupa imeandikwa asilimia 10, hizo ni mililita 3. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 30. Soma chupa yako, kwa sababu nguvu hutofautiana. Nilikuwa nakadiria kwa macho hadi nilipoazima mkanda wa kupimia kifua, nikagundua ng'ombe wangu wakubwa walikuwa wakipata pungufu.

Dawa hizi hazimlindi mnyama kesho yake. Ukimnywesha asubuhi na kumrudisha kwenye ukingo uleule mchana, anaanza upya. Ndiyo maana nimezungushia miiba kipande cha mfereji chenye konokono wengi na kujenga birika la kunyweshea hatua 40 juu yake. Majani ya bondeni nakata sehemu ya juu tu, ile ambayo maji hayakuifikia.

Na ukipeleka kinyesi kupimwa, waombe wakipime kwa kuzamisha mashapo. Mayai ya mnyoo huyu ni mazito, kipimo cha kuelesha huyakosa.