Msimuuzie mdhamini jina la hakathoni yenu

"Wakuu, tunaandaa hakathoni ya blokucheni kwa mara ya kwanza na tunataka iwe ya kila mwaka. Kampuni moja kubwa iko tayari kubeba nusu ya gharama, ila inataka jina lianze na la kwake. Tumefikia hivi: jina la kampuni, halafu Blokucheni Hakathoni 2026. Limekaaje? Pia wadhamini wadogo tuwapange kwa ngazi ngapi, zawadi ziwe fedha au vifaa, na tuanze kutangaza miezi mingapi kabla?"

Mkuu, kama hamjasaini, wekeni kalamu chini. Hilo si jina la hakathoni, ni tangazo la kampuni lenye tarehe ya kuisha, nalijua vizuri kwa sababu na mimi niliwahi kusaini la aina hiyo, jina la kampuni mbele, teknolojia iliyokuwa inavuma katikati, mwaka mwishoni. Fulana zake bado ninazo, zinasugua gari vizuri sana.

Mwaka wa kwanza ulienda kama harusi. Mdhamini alilipa sehemu kubwa ya bajeti, akajitolea kututengenezea nembo, akasema tusihangaike na tovuti kwa kuwa vijana wake wataifungua. Tukashukuru! Hakuna aliyejiuliza domeini inasajiliwa kwa jina la nani, wala fomu za washiriki zinaingia kwenye akaunti ya nani. Mkataba ulieleza ukubwa wa bango lao jukwaani, lakini haukuwa na sentensi hata moja iliyosema jina la tukio ni mali ya nani.

Kabla ya awamu ya pili, mkuu wao wa masoko akahama. Aliyemrithi alikuwa na vipaumbele vingine, akatuandikia kwa adabu kwamba bajeti imeelekezwa kwingine. Sawa, hilo hutokea. Tukaenda kwa mshindani wake, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akitutamani. Akafungua mtandao, akaandika jina letu, na ukurasa mzima ukajaa jina la adui yake wa kibiashara. Akatuuliza kwa nini atoe fedha kulitangaza tukio ambalo watu wote wanaliita kwa jina la mwenzake. Hatukuwa na jibu, maana hata washiriki wetu walikuwa wakisema "ile ya fulani", bila neno jingine.

Tukaamua kubadili jina. Hapo ndipo hasara yenyewe ilipokaa, siyo kwenye mdhamini kuondoka. Tovuti ya zamani ilikuwa yao, wakaizima. Picha, miradi iliyoshinda, orodha ya waliojisajili, vyote vikaenda nayo. Mdhamini mpya anapouliza "mwaka jana walikuja wangapi, naweza kuona?" unamwonyesha nini? Kwake wewe ni tukio la mara ya kwanza, na anakupa fedha za tukio la mara ya kwanza. Mwaka mzima wa jasho ukafutika kwenye mazungumzo ya bei.

Na aliyetushauri hivyo alikuwa mtaalamu wa chapa, tena wa kulipwa! Alituambia jina kubwa huvuta majina mengine makubwa. Wapi. Jina kubwa mbele huwafukuza wote walio kwenye sekta yake, na wale wa sekta nyingine huona sherehe ina mwenyewe tayari. Ankara yake aliileta kwa wakati, hilo nampa.

Tazama mpira, maana huko jambo hili limefanyika mbele ya macho yetu. Kombe la Ligi la Uingereza limeitwa Milk Cup, Coca-Cola Cup, Carling Cup, Capital One Cup, na tangu 2017 ni Carabao Cup. Wadhamini wamepishana bila kombe kuanza upya, kwa sababu chini ya majina yote hayo lipo jina lake lenyewe, na mwenye nalo ni ligi. Nyinyi mnataka kuvaa kofia kabla ya kuwa na kichwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: chukua jina, futa mdhamini, futa teknolojia, futa mwaka, kisha soma kilichobaki. Kwenu kinabaki "hakathoni". Hilo ni la dunia nzima, halimtambulishi mtu.

Teknolojia nayo ifutwe, msinibishie. Kulikuwa na mkutano wa waandishi wa programu huko Denmaki ukiitwa JAOO, jina lililotokana na lugha ya programu ya Java na mtindo wa kuandika programu uitwao object-orientation. Mada zikapanuka mbali kuliko Java, na 2011 wakalazimika kuugeuza uwe GOTO. Wao walikuwa na jina kubwa la kubeba mabadiliko hayo, nyinyi hamna bado. Tena neno linalovuma linaweza kuwa na mwenyewe: 2006 kikundi kimoja cha Ayalandi, IT@Cork, kilipelekewa barua ya wanasheria kwa kuweka "Web 2.0" kwenye jina la mkutano wake, kwa sababu waandaaji wa mkutano mwingine walidai maneno hayo ni alama yao ya huduma. Blokucheni iwe mada ya mwaka huu, iandikwe chini ya jina kwa herufi ndogo.

Mkishapata neno lenu, litafuteni kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la dunia la hakimiliki za ubunifu, ni bure, mkiangalia zaidi kundi la 41, ambamo uandaaji wa makongamano na mashindano huingia. Kisha sajilini domeini wenyewe, kwa jina la taasisi yenu, bila mwaka ndani yake. Mwaka ukae nyuma ya mkwaju:

```
jinalenu.org/2026
jinalenu.org/2027
```

Hivyo kurasa za zamani zinabaki hai, na mdhamini wa mwaka wa tatu anazisoma mwenyewe bila nyinyi kujieleza.

Sasa rudini kwa hiyo kampuni. Msiwaambie "hapana" kavu, wana fedha na mnazihitaji. Wapeni "kwa udhamini mkuu wa" chini ya jina lenu, wapeni tuzo kuu ibebe jina lao, na wapeni haki ya kuulizwa kwanza kwa awamu ijayo, ila iwe na ukomo, tuseme siku 90 baada ya tukio. Wasipojibu, mko huru kwenda kwa mwingine. Na mkataba useme wazi kwamba jina, nembo, domeini, akaunti za mitandao na kumbukumbu za washiriki ni za waandaaji, hata kama nembo imechorwa na mtu wao. Washiriki nao waambiwe kwenye fomu ni nani anapokea taarifa zao.

Wakishikilia kwamba jina lao litangulie la sivyo hawatoi, basi wanachotaka ni tukio lao wenyewe. Si dhambi, lakini iandikwe hivyo: wao wenye tukio, nyinyi mafundi mnaolipwa kuliendesha, na ada yenu ihesabiwe kando na gharama za ukumbi na zawadi. Kwa nusu ya gharama? Hapo wanapata tukio zima na nyinyi ndio mnaolipia nusu.