Jina la timu ya mtaa lipimwe mdomoni kabla ya jezi

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mashabiki wanapoimba huivuta silabi hiyohiyo. Ikiwa na a au o, mdomo unafunguka na sauti inavuka uwanja. Ikiwa na i au u, mdomo unabana. Jaribuni kwa mitaa yetu ya Mwanza: "Igooogo" inavutika, "Nyakaaato" pia. "Mabatiiini" inakuwa nyembamba, hata wakiimba watu wengi. Pamba ni jina zuri mno kwa kazi hii: silabi mbili, a zote mbili, na makofi mawili yanakaa juu yake. Young Africans nayo kila mtu anaiita Yanga. Jina refu msipolifupisha wenyewe, uwanja utalifupisha, na huenda msipende litakalotoka.

Tuchukue vijana wa Mwaloni, Kirumba, wanaotaka kuitwa Kirumba Mwaloni Young Stars. Hizo ni herufi 24, na nafasi tatu katikati. Kifuani mwa jezi ya mtu mzima hesabuni sentimita 28 za kuchapa. Zikizidi sana, herufi za pembeni zinapinda kuelekea kwapani. Kila herufi inabakiwa na sentimita moja tu, na hakuna atakayeisoma akiwa upande wa pili wa uwanja.

Sasa wanafikiria Sangara. Ni samaki mkubwa, mlaji wa wenzake, na herufi zake saba zinapata sentimita nne kila moja. Tatizo liko mdomoni. Ukanda huu wa ziwa una Wasukuma wengi, na Kisukuma hutumia l pasipo r, kwa hiyo nusu ya mashabiki wataimba "Sangala". Mtu mmoja mmoja hilo halisumbui, lakini kwenye wimbo wa pamoja sauti zinagongana. Dagaa tungeikataa mapema, maana wapinzani watakuja na nyimbo za kikaangio.

Mamba inapita. Herufi tano, zaidi ya sentimita tano kila moja, na haina r wala l. M ni herufi pana, basi mchapaji apunguze kidogo urefu wa herufi zote, asizibane M peke yake. Kwa kuwa mtaa mwingine unaweza kuwa na Mamba wake, jina kamili la kupeleka chama cha soka cha wilaya liwe Mamba ya Mwaloni. Kwenye jezi, MAMBA kubwa, na Mwaloni kwa herufi ndogo chini yake.

Kabla ya kulipia, kateni karatasi ya upana wa sentimita 28, andikeni jina kwa kalamu nene, lining'inizeni kwenye mwamba wa goli kisha simameni katikati ya uwanja. Kwa jezi za watoto tumieni 22. Halafu watu kumi waimbe pamoja na ngoma, dakika mbili bila kupumzika. Wakianza kupishana au kumeza silabi, rudini kwenye orodha.