Ukitumiwa ripoti ndefu na neno moja: "Fupisha"

Wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu, wiki hii nimeiona tena: kiambatisho cha kurasa 60 na kitu, juu yake neno moja, "Fupisha." Na mtu tayari anafuta aya kabla hajajua anamfupishia nani. Nawapenda, lakini hili linanichosha.

1. Mjue msomaji, urefu utafuata. Mkurugenzi anayeingia kikaoni anahitaji kurasa 2, yaani maneno 900 hivi. Mhandisi wa wilaya atakudai majedwali hata kurasa zikifika 10. Bosi hapatikani? Usimtumie maswali matano, mtumie pendekezo: "Naandaa kurasa 2 za mkurugenzi: matokeo, gharama, mapendekezo. Mbinu naiacha kwa sentensi moja. Kama ni tofauti, nijulishe kabla ya saa 8." Atajibu "sawa" au atarekebisha kitu kimoja, na hapo umepata agizo kamili.

2. Usikate kila sura kwa kipimo kimoja. Kijana mmoja wa idara yetu, mwenye bidii kweli, alipewa tathmini ya mradi wa visima. Akapunguza kila sura hadi robo, kwa haki kabisa. Utangulizi wenye historia ya wilaya ukabaki na nusu ukurasa mzima. Sura ya mipaka ya tathmini, iliyokuwa na aya mbili tu, ikabaki sentensi moja, na siku ya mwisho akaifuta ili ukurasa ukae vizuri. Muhtasari ukasema visima 17 kati ya 20 vinatoa maji ya kutosha. Ni kweli, ripoti ilisema hivyo. Ila sura iliyofutwa ilieleza kwamba vipimo vyote vilichukuliwa Aprili, katikati ya masika, na kwamba wingi wa maji upimwe tena kiangazi. Kikaoni wakauliza: kama 17 ni vizima, fedha za kupima tena za nini? Wakaziondoa kwenye bajeti. Hakuna tarakimu iliyokosewa, lakini muhtasari ulisema jambo ambalo ripoti haikulisema.

Kwa hiyo historia, shukrani na orodha ya waliohojiwa zinaweza kuondoka zote. Sharti linaloshikilia tokeo halikatwi, lihamishie ndani ya sentensi ya tokeo lenyewe: "Visima 17 kati ya 20 vilitoa maji ya kutosha vilipopimwa Aprili, wakati wa masika." Hapo hata mwenye haraka hawezi kulifuta bila kuliona.

3. Anza kusoma kutoka mwisho. Chukua kila pendekezo, rudi nyuma utafute tokeo linalolibeba, uandike namba ya ukurasa pembeni. Pendekezo lisilo na tokeo usilifute kimyakimya. Mwulize mwandishi wa ripoti, maana mara nyingi ushahidi wake umo kwenye kiambatisho ambacho hukukifungua.