Kikomo cha (cos(sin x) − cos x)/x⁴: kwa nini mfululizo unakupa 0

> Wakuu, nimekwama. x ikienda 0, (cos(sin x) − cos x)/x⁴ inaenda wapi? Kwa L'Hôpital nimefika derivativu ya tatu, mstari umejaa ukurasa. Rafiki kaniambia nitumie mfululizo, nikaweka sin x = x, nikapata 0. Jibu la kitabu ni 1/6. Nakosea wapi?

Mkuu, rafiki yako yuko sahihi, ila alikuachia njiani. Hapo ulipoweka sin x = x ndipo penye kosa. Nami nililifanya hilo hilo, baada ya kuungua na L'Hôpital kwanza.

Swali kama hili lilinikuta kwenye mtihani. Nikaanza kutafuta derivativu za cos(sin x). Ya kwanza ni −sin(sin x)cos x, haina shida. Ya pili ina vipande viwili. Ya tatu, ukikusanya vizuri, ni hii:

```
sin(sin x)cos³x + 3cos(sin x)sin x cos x + sin(sin x)cos x
```

Tazama ile 3 katikati. Haiji kwa mkupuo: 2 zinatoka kwenye kipande kimoja cha derivativu ya pili, 1 inatoka kwenye kingine. Mimi ile 1 niliisahau, nikaandika 2. Mara ya nne, x ikiwa 0, nikapata 1 + 2 + 1 = 4, nikatoa 1 ya cos x, nikagawa kwa 24, jibu 1/8. Ukiweka 3 inakuwa 5 − 1 = 4, na 4/24 ni 1/6. Ubaya ni kwamba 1/8 haina sura ya kosa. Niliipigia mstari chini na kuendelea na swali lingine.

Sasa mfululizo. Hapa unahitaji miwili tu:

```
sin x = x − x³/6 + ...
cos s = 1 − s²/2 + s⁴/24 − ...
```

Asili yako ni x⁴, kwa hiyo kwenye kiasi kila kipande cha x⁴ au chini yake lazima kihesabiwe, na cha juu ya hapo unakiacha kwa amani. Mpe sin x jina la s, kisha tafuta s² na s⁴ peke yao kabla ya kuingiza popote:

```
s² = (x − x³/6)² = x² − x⁴/3 + ...
s⁴ = x⁴ + ...
```

Ile x⁴/3 ndiyo roho ya swali zima. Imetokana na kuzidisha x kwa x³/6 mara mbili. Ukiandika sin x = x, s² inabaki x² tupu, na cos(sin x) inageuka kuwa cos x yenyewe. Ukitoa, lazima upate 0, maana umetoa kitu kwa chenyewe. Hiyo 0 haikuwa kikomo, ilikuwa ni kile ulichokifuta mwenyewe mwanzoni.

Tukiingiza:

```
cos(sin x) = 1 − x²/2 + x⁴/6 + x⁴/24 + ...
cos x      = 1 − x²/2 + x⁴/24 − ...
tofauti    = x⁴/6 + ...
```

Gawa kwa x⁴, umemaliza: 1/6.

Utauliza nilijuaje nisimamie x³ kwenye sin x, nisiende mpaka x⁵/120. Usikariri, pima kosa. Ukiacha kipande cha x⁵ kwenye s, ukija kupata s² kipande hicho kinazidishwa na x, kwa hiyo athari yake inaanzia x⁶, ambayo hatuihitaji. Ukiacha cha x³, athari yake inatua x⁴, palepale jibu lilipo. Mimi siku hizi naandika pembeni ya karatasi "mpaka x⁴" kabla sijaanza, na kila ninachokata nakiuliza kitaangukia wapi. Vipande vyote vikikatana ukabaki na 0, usiandike 0 haraka. Rudi uangalie kama kweli ulibeba kila kitu mpaka x⁴. Kama ulibeba, 0 ni jibu halali. Kama hukubeba, bado hujajua lolote.

Hilo linahusu kutoa tu. Kwenye kuzidisha na kugawa unaruhusiwa kushika kipande cha kwanza peke yake. Swali lako lenyewe linaonyesha, ukikumbuka kanuni ya kugeuza tofauti ya cos mbili kuwa zao:

```
cos(sin x) − cos x = 2 sin((x + sin x)/2) · sin((x − sin x)/2)
```

Mabano ya kwanza yanakaribia x. Ya pili yanakaribia x³/12, kwa sababu x − sin x inaanza na x³/6. Zao ni 2 · x · x³/12, yaani x⁴/6. Mistari miwili, na hakuna mabano ya kupandisha vipeo. Lakini hata hapa ile x³ haikukwepeka. Ndani ya mabano ya pili bado kuna kutoa, na ukiweka sin x = x unarudi kwenye 0 yako.

Ukitaka kuhakiki kwa kikokotoo, weka x = 0.1 kwenye radiani. Utapata karibu 0.166167, wakati 1/6 ni 0.166667. Kipande kinachofuata, nilipokitafuta, ni −x²/20, ambacho kwa x = 0.1 ni −0.0005. Pengo limejieleza lote, na hapo ndipo nilipoacha kuwa na wasiwasi na jibu. Kikokotoo kikiwa kwenye digrii utaona kitu kama 0.015, na ukipunguza x namba inapanda badala ya kutulia.

Usishawishike pia kuweka x ndogo kupindukia ukidhani ndiyo usahihi. Kwa x = 0.001 tofauti ya juu ni kama 1.67 × 10⁻¹³, ikitolewa kwenye namba mbili zilizo karibu na 1. Kikokotoo kinachotunza tarakimu 10 hakina pa kuiweka, kitakuandikia 0. Niliwahi kubishana na mwenzangu jioni nzima, yeye ameshikilia 0 ya kikokotoo, mimi 1/6 ya karatasi.

Na usiipeleke njia hii kwa kila kitu. Kwanza namba inayoingia ndani ya mfululizo lazima nayo iende 0. Ukikutana na cos(cos x), ile s inaenda 1, kwa hiyo usiifungue kwa s ndogo. Andika cos x = 1 − u, kisha ufungue kuzunguka 1. Pili, kuna fomula kama e^(−1/x²), ambayo ukiipa thamani 0 pale x = 0, derivativu zake zote hapo ni 0. Mfululizo wake ni sifuri tupu, hauna kipande cha kushika. Hiyo weka t = 1/x² na uangalie t ikikua bila mwisho.